Maiti Hulegea Kwanza, Ndipo Hukakamaa

Mtu anapokata roho, wazee waliopo kitandani hawakai kusubiri. Macho hufumbwa, taya hufungwa kwa kitambaa kinachopita chini ya kidevu hadi utosini, na viungo, kuanzia vidole hadi viwiko na magoti, hukunjwa na kukunjuliwa taratibu kisha vikanyooshwa. Kwa Waislamu taratibu hizi zimeelezwa katika vitabu vya fiqhi. Waosha maiti wanaijua sababu yake hata kama hawajawahi kukanyaga darasa la fiziolojia: wakichelewa saa chache, taya lililoachama litakakamaa likiwa wazi, na mkono uliokunjika kifuani hautanyooka ila kwa nguvu.

Hapo pana kitendawili. Kukaza msuli ni kazi, na kazi hula nishati. Maiti hapumui, damu yake imesimama, na hakuna sukari wala oksijeni inayofika kwenye seli. Ungetegemea kwamba msuli uliokosa nishati utalegea na ubaki umelegea. Na kweli ndivyo mambo yanavyoanza: mwanzoni mwili mzima ni teketeke, ndiyo maana taya huachama. Lakini saa mbili hadi nne baadaye ugumu huanza kuonekana, kwanza usoni na tayani, halafu shingoni, mikononi na miguuni, na ikifika saa ya kumi na mbili hivi tangu kifo mwili wote umekakamaa. Joto huharakisha safari hiyo, kwa hiyo Mombasa mwezi wa Februari mambo huenda mbio kuliko Limuru mwezi wa Julai.

Watunga mitihani ya fiziolojia wanalipenda sana swali hili, nami naona wana haki. Mwanafunzi anaweza kukariri majina yote ya protini za msuli na kuchora mchoro safi, lakini ukimuuliza kwa nini mwili usio na nishati unakakamaa, hapo ndipo utajua kama ameelewa au amekariri. Wengi hujibu kwamba ATP ndiyo nishati ya kukazia msuli, na hapo kalamu inakwama, kwa sababu kama ni hivyo tu, basi maiti hapaswi kukakamaa kamwe. Jibu limejificha katika jambo moja ambalo vitabu hulitaja kwa mstari mmoja na wasomaji hulipita: msuli unahitaji ATP ili uachie.

Ili hilo lieleweke, tuingie ndani ya msuli wenyewe. Seli ya msuli wa mifupa ni ndefu na nyembamba, na ndani yake imejaa vifungu vya nyuzi vilivyolala sambamba. Kila kifungu kimegawanyika katika vipande vifupi vinavyofuatana mwanzo hadi mwisho, na kipande kimoja huitwa sarkomia. Mipaka ya sarkomia ni mistari Z, mmoja kila upande. Kutoka kwenye kila mstari Z zinachomoza nyuzi nyembamba za protini iitwayo aktini, zikielekea katikati. Na katikati, bila kugusa mistari Z, zimelala nyuzi nene za protini iitwayo miosini. Nyuzi hizi mbili zinapishana kwa sehemu: ncha za nyembamba zimeingia katikati ya zile nene.

Chini ya hadubini mpangilio huu unaonekana kama mistari ya giza na ya mwanga inayopokezana, na ndipo msuli wa aina hii ulipopata jina la msuli wenye milia. Sehemu ya giza, ambayo ni urefu wote wa uzi mnene, huitwa bendi A. Sehemu ya mwanga, yenye nyuzi nyembamba peke yake, huitwa bendi I. Katikati ya bendi A kuna ukanda uliofifia kidogo ambao nyuzi nyembamba hazijaufikia, na huo ni ukanda H. Herufi hizi zinawachosha wanafunzi, lakini zinabeba ushahidi wote, kwa hiyo tuzivumilie.

Kabla ya mwaka 1954 wataalamu wengi waliamini kwamba msuli unafupika kwa sababu protini zake ndefu zinajikunja au kujisokota. Mwaka huo, katika toleo moja la jarida la Nature la mwezi Mei, zilichapishwa makala mbili zilizoandikwa na makundi mawili yaliyofanya kazi mbalimbali. Ya kwanza ilikuwa ya Andrew Huxley na Rolf Niedergerke wa Cambridge, waliopima seli moja moja zilizo hai za msuli wa chura. Ya pili ilikuwa ya Hugh Huxley na Jean Hanson, waliokuwa Marekani wakati huo, nao walitazama vifungu vya nyuzi vilivyotolewa kwenye msuli wa sungura. Akina Huxley hawa hawakuwa ndugu, ingawa jina limewachanganya wasomaji kwa miaka mingi. Wote waliona jambo lilelile: msuli unapofupika, bendi A haibadiliki urefu. Kinachopungua ni bendi I na ukanda H. Kama nyuzi zingekuwa zinajikunja, bendi A nayo ingefupika. Haikufupika, kwa hiyo nyuzi zinabaki na urefu wake na zinateleza, moja kando ya nyingine.

Tuipige hesabu, kwa sababu swali la bendi halikosekani kwenye mtihani na wengi hulijibu kwa kubahatisha. Chukua vipimo vya chura, ambavyo ndivyo vilivyopimwa kwa makini zaidi. Uzi mnene una takriban mikromita 1.6, na mikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Uzi mwembamba una takriban mikromita 1.0 kutoka kwenye mstari Z. Tuseme sarkomia imevutwa hadi mikromita 2.8. Bendi A ni 1.6, kwa sababu ni uzi mnene wenyewe. Bendi I, ukijumlisha pande zote mbili za sarkomia, ni 2.8 ukitoa 1.6, yaani 1.2. Nyuzi nyembamba za pande mbili zinachukua jumla ya 2.0, kwa hiyo zinaacha nafasi ya 0.8 katikati, na hiyo ndiyo ukanda H.

Sasa msuli ukaze hadi sarkomia ifike 2.2. Bendi A bado ni 1.6. Bendi I imeshuka hadi 0.6, na ukanda H umeshuka hadi 0.2. Zote mbili zimepungua kwa kiasi kilekile, 0.6, ambacho ndicho sarkomia yenyewe ilichofupika. Mwanafunzi akishaiona hesabu hii mara moja hana haja tena ya kukariri bendi ipi inabadilika. Na seli yenye urefu wa sentimita 2.8 ina sarkomia 10,000 zilizofuatana kwa mstari, hivyo ile 0.6 ndogo, ikizidishwa mara 10,000, inakuwa milimita 6 nzima za kufupika. Mruko wa chura unajengwa kwa vipande vya namna hiyo.

Hesabu hiyohiyo inatabiri jambo jingine. Sarkomia ikivutwa hadi 3.6, nyuzi nyembamba zitakuwa zimetoka kabisa kwenye zile nene, hazipishani tena. Kama nguvu ya msuli inatokana na mpishano, basi hapo nguvu inapaswa kuwa sifuri. Mwaka 1966 Andrew Huxley na wenzake wawili, Gordon na Julian, walipima hilo kwenye seli za chura, na nguvu ilishuka hadi sifuri karibu na urefu huohuo.

Kuteleza peke yake hakuelezi kitu, maana nyuzi haziwezi kuteleza bila kuvutwa. Anayevuta ni miosini. Kila uzi mnene umejengwa kwa molekuli za miosini zipatazo 300, na kila molekuli ina vichwa viwili vinavyochomoza kando, vikiielekea aktini. Kichwa hushika aktini, hupinda, na kuisogeza kuelekea katikati ya sarkomia kwa nanomita 5 hadi 10. Katika mfano wetu kila uzi mwembamba ulisogea mikromita 0.3, ambazo ni nanomita 300, sawa na mivuto 30 hadi 60 ya kichwa kimoja. Mvuto mmoja hautoshi kabisa. Lazima kichwa kishike, kivute, kiachie, kijinyooshe, kishike mbele zaidi, na kurudia.

Aliyewahi kutazama wavuvi wakivuta juya ufukweni ameiona kazi hii. Wanaume wamesimama kwa mstari kwenye kamba. Kila mmoja anashika, anavuta kwa uzito wa mwili, anaachia, anapeleka mikono mbele, anashika tena. Hawaachii wote kwa pamoja, la sivyo bahari ingeirudisha kamba yote. Wengine wanashika huku wengine wanahamisha mikono. Vichwa vya miosini hufanya kazi kwa zamu kwa namna hiyohiyo. Na hebu fikiria mvuvi ambaye vidole vyake haviwezi kufunguka. Anaweza kuvuta mara moja tu, kisha anabaki ameng'ang'ania. Wakiwa wote hivyo, kamba haisogei mbele wala nyuma.

ATP ndiyo inayofungua vidole hivyo. Mzunguko, kama ulivyoelezwa na Lymn na Taylor mwaka 1971 na kuthibitishwa kwa njia nyingi tangu hapo, unakwenda hivi. Tuanzie pale ambapo kichwa kimeshashika aktini na kimeshavuta, hakina kitu mkononi. Hapo kimekwama. Molekuli ya ATP inapokuja kukikalia, kichwa hubadilika umbo kidogo na mshiko wake kwa aktini hudhoofika, kinaachia. Angalia kwamba kinachoachisha ni ATP kukaa kwenye kichwa. Kuvunjwa kwake kunakuja baadaye. Kikiwa kimeachia, kichwa huivunja ATP kuwa ADP na fosfeti, lakini vipande vyote viwili vinabaki vimekaa palepale. Nishati ya kuvunjwa huko hutumika kukikunjua kichwa na kukirudisha katika mkao wa kuwa tayari. Kisha kikipata mahali wazi kwenye aktini, kinashika. Fosfeti inatoka, mshiko unakaza, na kichwa kinapinda: huo ndio mvuto. ADP inatoka mwishoni, na kichwa kinabaki kitupu, kimekwama tena, kikisubiri ATP nyingine.

Kwa hiyo mvuto hautokei wakati ATP inavunjwa. Nishati ilishawekwa akiba ndani ya kichwa kabla hakijaigusa aktini, na inatumika fosfeti inapoondoka. Majibu mengi ya mtihani huandika kwamba ATP inavunjwa na papo hapo msuli unavuta. Anayesahihisha akiwa mkali, hapo alama inapotea. Na hali ya mwisho ya mzunguko, kichwa kitupu kilichong'ang'ania aktini, ndiyo hali ya msuli wa maiti. Tutairudia baada ya kumaliza habari ya kalsiamu.

Kama msuli ulio hai una ATP saa zote, kwa nini haukazi saa zote? Kwa sababu aktini imefunikwa. Juu ya uzi mwembamba imelala protini nyingine ndefu, tropomiosini, inayoziba sehemu ambazo vichwa vingeshika. Tropomiosini imefungamana na protini ya tatu, troponini, ambayo ilitambuliwa na Setsuro Ebashi na wenzake nchini Japani miaka ya 1960. Kalsiamu inapoishika troponini, troponini hubadilika umbo na kuisogeza tropomiosini pembeni. Mahali pa kushika panakuwa wazi. Kalsiamu ikiondoka, tropomiosini inarudi na kuziba.

Kalsiamu hiyo haitoki mbali. Ndani ya seli ya msuli kuna mtandao wa vifuko vinavyovizunguka vifungu vya nyuzi, navyo vimejaa kalsiamu. Msuli ukiwa umelegea, kalsiamu iliyo nje ya vifuko, mahali nyuzi zilipo, ni kidogo mno: sehemu ya kumi ya mikromoli kwa lita. Ndani ya vifuko imezidi hapo kwa zaidi ya mara elfu. Amri ya neva inapofika, umeme hukimbia juu ya utando wa seli na kuzama ndani kupitia mirija midogo hadi kando ya vifuko, milango inafunguka, na kalsiamu inamwagika. Katika milisekunde chache kiasi chake kwenye nyuzi kinapanda mara kumi hadi mara mia. Amri ikikoma, milango inafungwa na pampu zilizo kwenye kuta za vifuko huanza kuirudisha. Pampu hizo nazo zinakula ATP, molekuli moja kwa kila chembe mbili za kalsiamu zinazorudishwa. Kulegea, kwa maneno mengine, kunagharimu mara mbili: ATP ya kuviachisha vichwa, na ATP ya kuiondoa kalsiamu.

Moyo unafanana na msuli wa mifupa katika mengi ya haya, lakini una tofauti moja inayowanasa watahiniwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 daktari Sydney Ringer wa London aliuchezesha moyo wa chura uliotolewa mwilini, ndani ya maji ya chumvi. Ulipiga vizuri alipotumia maji ya bomba. Alipotumia maji safi yaliyotoneshwa, ukadhoofika na kusimama. Maji ya bomba ya London yalikuwa na kalsiamu, na moyo unahitaji kalsiamu iingie kutoka nje ya seli ili ifungue milango ya vifuko. Msuli wa mifupa hauitegemei kalsiamu ya nje kwa kila mkazo. Umeme wenyewe unafungua mlango wake.

Sasa tuna mambo mawili, kalsiamu na ATP, na swali zuri ni nini hutokea kimoja kikiwepo na kingine kikikosekana. Jaribio linaloonyesha hilo vizuri zaidi lilitokana na mbinu ya Albert Szent-Györgyi, Mhungari aliyekuwa amehamia Woods Hole nchini Marekani. Alikata vipande vya msuli wa kiuno wa sungura, akavifunga kwenye vijiti visifupike, akaviloweka ndani ya gliserini na kuviweka kwenye baridi kali. Gliserini iliharibu utando wa seli na kutoa vitu vyote vinavyoyeyuka, pamoja na ATP na kalsiamu, lakini nyuzi zilibaki mahali pake. Kipande kama hicho kinaweza kukaa miezi kikingoja kazi.

Kikitolewa, hakina neva, hakina damu, hakina utando. Ni nyuzi tupu. Na ni kigumu: ukikivuta hakirefuki kwa urahisi. Hakuna ATP, hivyo vichwa vimeng'ang'ania. Wakidondosha mmumunyo wenye ATP na kalsiamu pamoja na magnesi kidogo, kinafupika mbele ya macho, msuli uliokufa miezi mingi iliyopita. Baadaye watafiti walijaribu kudondosha ATP huku kalsiamu ikiwa imenaswa na kuondolewa kabisa. Kipande hakikufupika, bali kililegea, kikawa laini na kuvutika. Mwanafunzi akiyashika matokeo haya matatu kichwani, ameshaijibu nusu ya mada: ATP na kalsiamu pamoja huleta kufupika, ATP bila kalsiamu huleta kulegea, na ATP ikikosekana, kuna ugumu, kalsiamu iwepo au isiwepo.

Turudi kwa maiti. Moyo unaposimama, seli za msuli bado hazijafa. Zina ATP kidogo, ambayo kwa mtu anayekimbia kwa nguvu zote ingeisha ndani ya sekunde chache, lakini kwa msuli uliotulia inakwenda pole pole. Kwanza inajazwa upya kutoka kwenye akiba ya kreatini fosfeti. Hiyo ikipungua, seli inaigeukia glikojeni, ile wanga iliyohifadhiwa ndani ya msuli, na kuivunja bila oksijeni. Asidi ya laktiki inajikusanya kwa kuwa hakuna damu ya kuiondoa. Katika nyama ya ng'ombe pH hushuka kutoka karibu 7 hadi karibu 5.5. Wakati wote huo ATP bado ipo, vichwa vinaachia, msuli ni laini.

Kisha glikojeni inaisha au asidi inazuia kazi, na ATP inaanza kupungua kikweli. Pampu za kalsiamu zinazembea, kalsiamu inavuja kutoka kwenye vifuko, troponini inaishika, na aktini inafunuliwa. Vichwa vilivyokuwa tayari vinashika na kuvuta kidogo. Halafu kila kimoja kinabaki na mkono mtupu kikisubiri ATP ambayo haiji tena. Hakuna nguvu kubwa inayoendelea kuvuta, ila viungo haviwezi kukunjwa kwa sababu mamilioni ya vichwa yameng'ang'ania popote yalipokuwa. Ndiyo maana mwili hukakamaa katika mkao uliokutwa nao, na ndiyo maana wazee wanaoharakisha kunyoosha viungo wanafanya jambo la maana sana kwa wakati wake.

Ukakamavu huu hauishi kwa vichwa kuachia. Baada ya siku moja hadi mbili au zaidi, kutegemea joto, vimeng'enya vya seli yenyewe huanza kuzikata protini, hasa karibu na mistari Z, na mfumo mzima unameguka. Baadhi ya vimeng'enya hivyo huamshwa na kalsiamu ileile iliyovuja. Kazi hiyo ndiyo inayoifanya nyama iliyotundikwa siku kadhaa kwenye baridi kuwa laini. Anayenunua nyama ya ng'ombe aliyechinjwa alfajiri akaipika jioni anaipika ikiwa katika ugumu, maana kwa ng'ombe ukakamavu hukamilika mara nyingi kati ya saa 6 na 24. Anayelalamika kwamba bucha limemuuzia ng'ombe mzee huenda ameuziwa ng'ombe kijana ambaye ATP yake imeisha mchana huo.

Muda huo unategemea akiba aliyokuwa nayo mnyama. Mnyama aliyekimbizwa sana, au aliyesafirishwa siku nyingi juu ya lori bila malisho, anafika machinjioni glikojeni yake ikiwa imekwisha. ATP haina cha kuijaza, ukakamavu unakuja haraka, na kwa kuwa asidi kidogo tu ilitengenezwa, nyama yake inabaki nyeusi, kavu juu na huharibika mapema. Wawindaji wanaijua tofauti hiyo kati ya swala aliyeanguka kwa risasi moja na aliyefuatwa nusu siku.

Niseme neno pembeni kuhusu mchezaji anayeanguka uwanjani akishika paja. Wanafunzi hupenda kuandika kwamba msuli wake umekaza kwa sababu ATP imeisha kama kwa maiti. Sivyo. Katika mtu aliye hai uchovu huupunguza mkazo muda mrefu kabla ATP haijakauka, na msuli uliobana paja unapigiwa amri na neva mfululizo. Ndiyo maana ukinyooshwa taratibu unaachia, jambo ambalo msuli wa maiti haukubali.

Kisa kinachoyakutanisha haya yote kilitokea New Zealand, nchi inayouza nyama ya kondoo nje tangu zamani. Viwanda viliboresha majokofu yao, vikawa vinaigandisha nyama haraka zaidi baada ya kuchinja, wakitarajia nyama bora. Wakapata nyama ngumu kutafuna. Mwaka 1963 Locker na Hagyard walieleza kilichotokea walipopima vipande vya msuli wa ng'ombe vilivyopoozwa mapema: karibu na nyuzijoto sifuri vilifupika hadi karibu nusu ya urefu wake, kuliko vilivyoachwa katika nyuzijoto 15 hivi.

Hapa mtu anayeelewa kalsiamu na ATP anaweza kufumbua mwenyewe. Nyama iliyopoozwa haraka mno bado ina ATP nyingi, haijapita ukakamavu wake. Baridi inazidhoofisha pampu na kuifanya kalsiamu ivuje kutoka kwenye vifuko. Kalsiamu ipo, ATP ipo: matokeo ni yale ya kipande cha sungura, kufupika kwa kweli, vichwa vikivuta na kuachia na kuvuta tena, hadi nyuzi nyembamba zinakutana katikati na kupandana. ATP inapoisha baadaye, vichwa vinakwama katika mpishano huo uliobana. Ukakamavu wa kawaida hukamata msuli katika urefu uliopo. Huu unaukamata ukiwa umekunjamana. Na unaweza kuugundua kwa hadubini bila kuonja: sarkomia ni fupi, na bendi I karibu haionekani.

Viwanda vilipata dawa kwa kufuata mantiki hiyohiyo. Njia moja ni kungoja, nyama ikae bila baridi kali hadi ukakamavu uje kwanza. Njia ya haraka ni umeme. Mzoga unapitishiwa umeme dakika chache baada ya kuchinjwa, misuli inakaza na kulegea tena na tena ingawa mnyama amekwisha kufa, na katika kukaza huko inachoma glikojeni na ATP iliyobaki. pH inashuka kwa kasi, na ukakamavu unafika mapema wakati mwili ungali na joto. Mzoga ukiingizwa kwenye baridi baada ya hapo, kalsiamu itavuja kama kawaida, lakini vichwa vya miosini havina tena ATP ya kuvutia.